Barua ya ushirika wa kakao kwa kampuni kubwa: kila upande unapata nini

Katika teritware ya Mambasa, kakao nyingi inauzwa na kila mtu peke yake. Mkulima anafunga gunia kwenye pikipiki, anafika Biakato au Mambasa mjini, na bei anaambiwa na mnunuzi. Ushirika unaotaka kuuza pamoja unaiandikia kampuni inayopeleka kakao nje, mara nyingi yenye depo Beni au Butembo, barua ya kupendekeza ushirikiano. Barua inayoeleza tu taabu za wakulima haimpi mkubwa wa kampuni sababu ya kujibu. Inapashwa kumwonyesha, kwa kilo na kwa makuta, atapata nini, halafu iseme wazi ushirika unataka nini.

Tuchukue mfano wa ushirika wa watu 60. Kila mmoja ana kama hektari moja, na kwa mwaka anavuna kama kilo 400 za kakao kavu. Jumla ni tani 24. Je, barua iahidi tani 24? Hapana. Mtoto akifukuzwa shule juu ya minerval, au mtu akilazwa hospitalini, mwanachama atamwuzia mnunuzi wa pembeni mwenye pesa mkononi. Ushirika huu unaahidi tani 12.5 tu, yaani magunia 200 ya kilo 62.5. Kiasi hicho kinatosha kujaza kontena moja ya futi 20, na kampuni inaelewa mara moja maana yake.

Kampuni inapata nini

Faida ya kwanza iko ndani ya gunia. Kakao inayofaa kusafirishwa inapashwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 8. Gunia la kilo 62.5 lenye unyevu wa asilimia 12, likikaushwa mpaka 7.5, linabaki na kilo 59 na nusu hivi. Kilo 3 zilikuwa maji. Kwa magunia 200, hiyo ni kilo 600. Tuseme bei ni dola 4 kwa kilo: kampuni iliyolipa bei ya kakao kavu imenunua maji ya dola 2,400, na bado haijahesabu ukungu.

Kwa hiyo barua ieleze kazi yenyewe: kakao inavundikwa pamoja kwenye masanduku ya mbao siku 5 mpaka 7, inageuzwa, halafu inaanikwa juu ya turubai au meza, haiwekwi chini kandokando ya barabara. Ieleze pia namna ya kuhakikisha. Pande zote mbili zikiwepo, punje 300 zinakatwa katikati kwa urefu. Punje zenye ukungu zisizidi 9, na zile za rangi ya majivu, ambazo hazikuvundika, zisizidi 9 pia. Hiyo ni asilimia 3, kipimo cha daraja la kwanza katika biashara ya dunia.

Faida ya pili ni kujua kakao imetoka shamba gani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataa kakao ya shamba lililokatwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kwake kumesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wa Ulaya wanahitaji kujiandaa. Shamba la hektari 4 au chini linahitaji alama moja tu ya GPS. Likizidi hapo, mipaka yote inapimwa. Mambasa ndiko iliko sehemu kubwa ya Hifadhi ya Okapi, kwa hiyo ushirika uangalie kila alama kabla ya kuandika. Shamba moja ndani ya hifadhi linaweza kuharibu mzigo wa watu wote 60.

Hapa kuna mtego. Orodha ya majina na alama za mashamba ni mali ya ushirika. Ukiifunga kwenye barua ya kwanza, kampuni inaweza kumfuata kila mkulima nyumbani bila kupitia kwenu. Barua itaje tu hesabu: mashamba 60, yote yamepimwa. Orodha kamili inatoka siku ya kutia sahihi mkataba.

Ushirika unapata nini

Jambo la kwanza ni bei. Kuandika bei moja ya msimu mzima ni hatari kwa pande zote. Mwaka 2024 tani moja ilipita dola 10,000 kwenye soko la dunia. Mwaka 2025 ikashuka sana. Bei ikipanda, wanachama watakimbia. Ikishuka, kampuni ndiyo itakimbia. Afadhali kuandika namna ya kuhesabu: bei ya wastani ya depo tatu za Mambasa siku ya kupima, pamoja na nyongeza ya senti 15 kwa kilo. Kwa tani 12.5, nyongeza hiyo ni dola 1,875. Iko chini ya zile dola 2,400 za maji, na hiyo hesabu ndiyo inafaa kuonekana ndani ya barua.

Jambo la pili ni pesa ya mbele, wengi wanasema avansi. Bila hiyo ushirika hauwezi kumlipa mwanachama siku anapoleta kakao, na ahadi ya tani 12.5 inavunjika. Lakini kampuni inaogopa kupoteza. Dawa yake ni kugawa mzigo mara nne, magunia 50 kila mara. Kampuni inatoa dola 12,500 za mzigo wa kwanza. Ukifika na kupimwa, inatoa za mzigo wa pili. Hivyo kampuni haina zaidi ya mzigo mmoja mikononi mwa ushirika.

Jambo la tatu ni mahali pa kupimia. Vita na mashambulizi vinafunga barabara za Komanda na Biakato bila kutoa taarifa. Barua iseme kwamba kakao inapimwa na kupokelewa kwenye depo ya ushirika, na mizani ikaguliwe mbele ya pande zote. Kuanzia hapo, hatari ya njiani ni ya kampuni. Iseme pia kwamba wakulima wakikimbia vijiji, siku za kuleta mzigo zinasogezwa bila malipo ya adhabu, na avansi ambayo haijatumika inarudishwa.

Sehemu ya kati inaweza kuandikwa hivi

«Bwana Mkurugenzi, ushirika wetu wa wakulima 60 unapendekeza kuwaletea magunia 200 ya kakao iliyovundikwa, yenye unyevu usiozidi asilimia 8, kwa awamu nne za magunia 50. Mashamba yote yamepimwa. Tunaomba bei ya soko ya siku ya kupima pamoja na senti 15 kwa kilo, avansi ya awamu moja moja, na kupokelewa kwa mzigo kwenye depo yetu. Tunapendekeza kujaribu msimu mmoja. Kakao inayobaki, wanachama wako huru kuiuza kwingine.»

Sentensi ya mwisho isiachwe. Kampuni ikiomba kununua mavuno yote, ushirika unapoteza nguvu ya kulinganisha bei.

Pamoja na barua kunafungwa cheti cha kuandikishwa kama ushirika kwa sheria ya OHADA, kumbukumbu za mkutano uliowapa viongozi ruhusa ya kutia sahihi, na sampuli ya kilo moja. Kampuni nyingi zinafanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo barua inaweza kwenda kwa lugha hiyo. Lakini kwanza isomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama wote, na kila mmoja aandike kilo anazoahidi. Jumla ya kilo hizo isipofika 12,500, ni tarakimu ya kwenye barua inayopashwa kushuka kabla haijatumwa.