Dodoma Haijazama

Wagogo wana simulizi mbili kuhusu jina la Dodoma. Ya kwanza inasema tembo alikwenda kunywa maji, akakwama topeni, akazama. Ya pili inasema watu waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala, kisha wakachomeka mikia kwenye tope na kuwaambia wenye mali kwamba mifugo imezama. Zote zinaishia kwenye neno moja la Kigogo, idodomya, yaani imezama. Lakini mtu akisikia kwamba Dodoma imetoa agizo, anaelewa ni serikali, na hana haja ya kujua ni simulizi ipi iliyo ya kweli.

Kwa jina la mji hakuna anayebisha. Ubishi unaanza kwenye neno kama ustaarabu. Wapo wanaotaka tuliache kwa sababu limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuwa kama Mwarabu. Asili hiyo ni ya kweli, na historia yake pia: katika karne ya 19, chini ya utawala wa Waomani Zanzibar, neno hili lilianza kuchukua nafasi ya uungwana. Kosa liko kwenye hatua inayofuata, pale wanaposema kwamba kwa hiyo ndiyo maana yake hata leo. Lipime katika soko la Majengo mjini Dodoma. Mzee wa Kigogo akirudisha chenji aliyozidishiwa, muuzaji atasema, "Mzee huyu mstaarabu." Hakuna atakayedhani amesifiwa kwa Uarabu, na asiyejua asili ya neno hajalitumia vibaya.

Wagiriki wa kale walielekea upande mwingine: neno lao la elimu ya asili ya maneno limejengwa juu ya etumos, yaani kweli, kana kwamba chimbuko la neno ndilo ukweli wake. Mafakihi wa Kiislamu, ambao hukumu zao zilitegemea maneno ya watu, walitenganisha maana ya lugha, ya sheria na ya mazoea. Mfano wao maarufu ni wa kiapo. Mtu ameapa hatakula nyama, kisha akala samaki. Kurani yenyewe inamwita samaki nyama mbichi, lakini kwa Abu Hanifa kiapo hakijavunjika, kwa kuwa katika mazoea ya watu samaki si nyama. Ukiagiza nyama Dodoma ukaletewa sato, utalalamika kwa hoja hiyohiyo.

Naona mafakihi walikuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa mazoea nayo hayasafishi kila neno. Mshenzi, jina ambalo watu wa pwani waliwabandika watu wa bara, bado linauma. Linauma kwa sababu anayelitamka leo anakusudia kudharau, na anayeambiwa analisikia hivyo, hata kama wote wawili hawajawahi kusikia habari za misafara ya watu wa pwani iliyopita Ugogo.