Dari Ndefu, Joto Lililonaswa

Nyumba mpya za Lavington na Karen zinapenda sebule ya dabo volyumu: dari mita sita juu, kioo ukuta mzima. Ingia humo alasiri ya Februari. Chini pana nafuu, lakini ukipanda ngazi kuelekea vyumba vya kulala joto linakupiga usoni. Limekusanyika juu, na huko hakuna tundu hata moja la kulitoa.

Lamu nao waliinua dari, ingawa vyumba vyao ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mbali. Ila wao walitegemea zaidi upepo wa bahari, kuta nene za matumbawe na ua wa ndani. Usiku wa pwani haupoi sana. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hupoa jua likizama, na tofauti ya joto kati ya ndani na nje ndiyo inayoisukuma hewa kupanda kama moshi kwenye bomba. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri mwaka 2011 zilijengwa kwa wazo hilo: hewa moto hupanda katika ukumbi mrefu wa katikati na kutokea juu.

Chukua sebule ya mita 5 kwa 6, dari mita 6. Ndani nyuzi 27, nje 23. Weka matundu ya nusu mita ya mraba chini na mengine kama hayo juu, yakiachana mita 4.5. Kwa hesabu yangu, hewa yote hubadilika mara nne na nusu hivi kwa saa, na joto la takriban wati 900 hutoka bila feni. Sasa punguza matundu ya juu yawe sehemu moja ya tano, kosa ninalolikuta mara nyingi: mtiririko hushuka hadi robo na kidogo. Kuongeza madirisha ya chini hakusaidii kitu. Tundu dogo ndilo linaloamua.

Nyumba za zamani za Nairobi zilikuwa na matundu ya kudumu juu ya dirisha, yenye wavu. Dari zao ni fupi, mvuto wake mdogo, tena Julai wenyeji huyaziba kwa magazeti. Kwa hiyo ya juu yawe ya kufunga, na kamba au fimbo ifike chini.

Kuna mpaka. Mchana, kuta za mawe zikiwa zimepoa, nje huweza kuwa na joto kuliko ndani. Hapo mkondo hugeuka, hewa baridi ikatokea chini na joto likaingia juu. Funga asubuhi, fungua jioni.

Ukitaka kujua kama matundu yako yanafanya kazi, jioni washa udi, panda ngazi na uusogeze karibu na tundu la juu. Moshi ukitolewa nje, mwache fundi apumzike. Ukirudi ndani, mwite.