Uchambuzi wa PESTLE katika kuingia soko jipya la simu

PESTLE ni mfumo wa uchambuzi wa masoko unaopanga mambo yaliyo nje ya uwezo wa kampuni katika makundi sita: siasa, uchumi, jamii, teknolojia, sheria na mazingira. Chimbuko lake ni kazi ya Francis Aguilar ya mwaka 1967.

Katika zoezi la masoko, kila jambo hufuatwa na athari yake kwa kampuni, kisha uamuzi. Mfano ni Safaricom nchini Ethiopia. Kisiasa, serikali ilifungua soko lililohodhiwa na Ethio Telecom, ikatoa leseni mwaka 2021. Kisheria, leseni hiyo haikuruhusu huduma za pesa kwa simu, hivyo M-PESA ilianza mwaka 2023, baada ya sheria kurekebishwa. Kiuchumi, birr ilishuka thamani sana kuanzia Julai 2024, na gharama za fedha za kigeni zikapanda.

Kasoro ya kawaida ni kuorodhesha mambo bila athari, au kuingiza nguvu za ndani kama umaarufu wa chapa, ambazo ni za uchambuzi wa SWOT. PESTLE pia haichambui washindani mmoja mmoja.