Jinsi Theini ya Chai Ilivyogundulika Kuwa Kafeini

Mwaka 1827 mkemia aliyeitwa Oudry alipata fuwele nyeupe kutoka kwenye majani ya chai, akazipa jina la theini. Kafeini ilikuwa imeshajulikana kwa miaka minane, lakini ilijulikana kama kitu cha kahawa. Mbuni na mchai ni mimea isiyo na udugu wa karibu, na kinywaji kimoja hutoka kwenye mbegu, kingine kwenye jani. Kudhani kwamba kila mmoja una dawa yake kulikuwa jambo la busara kabisa. Ilichukua miaka kumi na moja kuonyesha kwamba dhana hiyo haikuwa kweli.

Habari ya kahawa ilianzia Jena, Ujerumani. Mwaka 1819 kijana Friedlieb Runge alimwonyesha Goethe, mshairi mashuhuri aliyependa sana sayansi, jinsi tone la dawa ya mmea wa beladona linavyopanua mboni ya jicho la paka. Goethe alifurahi, akampa kisanduku cha buni na kumtaka azichunguze. Runge akatoa kafeini ndani yake. Mwaka 1821 wakemia wa Paris, akiwemo Pelletier, nao wakaifikia kwa njia yao wenyewe.

Kwa hiyo Ulaya ikawa na vitu viwili mezani. Vyote vilikuwa vyeupe, vyenye umbo la sindano nyembamba zinazong'aa kama hariri, na vyote vilikuwa vichungu. Lakini vitu vingi ni vyeupe na vichungu. Ili kuamua kama hivi viwili ni kimoja, ilibidi kwanza kila kimoja kiwe safi, maana uchafu kidogo unatosha kufanya vitu viwili tofauti vifanane, au kitu kimoja kionekane viwili.

Ugumu wa kuipata kafeini safi kutoka kwenye chai unaonekana vizuri katika jaribio ambalo wanafunzi wa kemia hulifanya hadi leo. Tuchukue gramu 10 za chai nyeusi. Kafeini ni takriban asilimia 2 hadi 4 ya uzito wa majani makavu. Tukisema 3, ndani yake mna gramu 0.3. Maji ya moto huitoa bila taabu: mililita 100 za maji ya kawaida huyeyusha gramu 2 hivi, na maji yanayochemka huyeyusha zaidi ya gramu 60. Shida ni kwamba maji hayachagui. Yanatoka na rangi, na sukari, na hasa tanini, ile inayokaza ulimi. Tena tanini huishikilia kafeini. Ukiacha chai ya rangi iliyokolea ipoe, huwa inafanya ukungu. Ule ukungu kwa sehemu kubwa ni kafeini na jamii ya tanini vikiwa vimeshikamana.

Dawa yake ni magadi soda, yaani kabonati ya sodiamu. Gramu 5 hivi hutiwa kwenye maji mililita 150 pamoja na majani, kisha vyote huchemshwa polepole kwa dakika ishirini. Tanini zina tabia ya asidi; zikikutana na magadi hugeuka chumvi, na chumvi hizo hupenda kubaki majini. Kafeini haiguswi. Chai inakuwa nyeusi kama wino, inachujwa, halafu inaachwa ipoe kabisa. Hapa haraka ni hatari: dikloromethani, kiyeyusho kinachofuata, huchemka kwenye nyuzi 40 tu za Selsiasi, na kikimiminwa juu ya chai yenye moto hufura na kurusha kizibo cha chombo.

Chai iliyopoa hutiwa kwenye faneli ya kutenganishia, pamoja na mililita 25 za dikloromethani. Vimiminika hivi havichanganyiki. Dikloromethani ni nzito, hukaa chini. Kafeini huipenda dikloromethani kuliko maji, nayo hushuka. Mwanafunzi mwenye pupa huitikisa faneli kwa nguvu, na matokeo yake ni povu zito la kahawia katikati, lisiloachana hata baada ya saa nzima, kwa sababu chumvi za tanini hufanya kazi ya sabuni. Faneli inatakiwa igeuzwe taratibu, huku bomba likifunguliwa mara kwa mara kutoa mvuke. Kazi hii hufanyika mara tatu kwa mililita 25, wala si mara moja kwa 75: kila safari kiyeyusho kipya huchukua sehemu kubwa ya kilichobaki, na jumla yake huzidi ile ya safari moja kubwa.

Kiyeyusho hukaushwa kwa salfati ya sodiamu isiyo na maji, hadi chembe zake zitembee huru bila kugandana, kisha huvukizwa ndani ya kabati la kufyonza hewa. Kinachobaki ni ukoko wa rangi ya kijani kibichi iliyochujuka. Tuseme una gramu 0.18. Wengi hufurahi kwamba wamepata asilimia 60. Rangi ile inasema vingine: klorofili nayo imepanda na kiyeyusho, kwa hiyo sehemu ya uzito huo si kafeini.

Kafeini ina sifa inayosaidia hapa. Ikipashwa moto polepole, hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, na mvuke huo ukigusa kioo baridi huwa sindano nyeupe tena. Klorofili hubaki chini. Uzito unapungua, labda hadi gramu 0.11, lakini sasa kuna kitu cha kupima. Ukoko wa kijani ulianza kuyeyuka, tuseme, kwenye nyuzi 218 na kumaliza kwenye 229. Sindano nyeupe zinayeyuka kati ya 235 na 237. Kafeini safi huyeyuka karibu na 236. Uchafu hushusha joto la kuyeyuka na kulitawanya. Usafi hulipandisha na kulibana. Bado mtu anaweza kuuliza: je, si kitu kingine kinachoyeyuka hapo hapo? Basi sindano zako husagwa pamoja na kafeini inayojulikana. Zikiwa vitu viwili, kila kimoja kitakuwa uchafu kwa mwenzake, na mchanganyiko utayeyuka mapema. Ukiyeyuka palepale, ni kitu kimoja.

Njia iliyolimaliza suala la theini ilikuwa nyingine. Justus von Liebig alikuwa ameboresha ufundi wa kuchoma kiasi kilichopimwa cha kitu na kukamata gesi zinazotoka, ili kujua kina kaboni kiasi gani na haidrojeni kiasi gani. Nitrojeni ilipimwa kando. Mwaka 1832 yeye na Pfaff waliipima hivyo kafeini. Karibu asilimia 29 ya uzito wake ni nitrojeni, kiasi kikubwa kisicho cha kawaida kwa vitu vya mimea. Mwaka 1838 Gerrit Mulder, Mholanzi, na Carl Jobst, Mjerumani, wakaipima theini, na hesabu zikaangukia palepale. Uwiano wa namna hiyo haupatikani kwa bahati, ila ni lazima sampuli iwe safi, kwani kipande cha tanini, isiyo na nitrojeni, kingeishusha ile asilimia mara moja.

Mtego mmoja haukuondoka. Chai ina theobromini pia, kidogo sana, ile iliyo nyingi kwenye kakao. Kipimo cha zamani cha kuunguza sampuli na asidi na kioksidishaji, kisha kuipitishia mvuke wa amonia, hutoa zambarau kwa kafeini na kwa theobromini vilevile. Sababu yake ilieleweka baada ya Emil Fischer kuitengeneza kafeini mwenyewe maabarani mwaka 1895, na miaka miwili baadaye kuthibitisha muundo wake: vitu hivyo viwili vimetofautiana kwa kikundi kimoja tu cha methili. Zambarau haiwezi kuvitenganisha. Joto linaweza, maana theobromini haiyeyuki hadi kupita nyuzi 340.