Kilio mu familia, ekzame ku masomo: barua ya kuandikia prefe

Mu Likasi, kifo hakingojei orere ya ekzame. Babu anaweza kufa Kolwezi Alhamisi usiku, maziko yapangwe Siku ya Mungu, na mtoto iko na ekzame ya matematiki Jumatatu asubui. Wazazi wengi wanamwambia titulere kwa mudomo, ao wanamutuma jirani, kisha wanapanda gari. Wakirudi, wanakuta zero kwenye biletini.

Hiyo zero ni nzito kuliko watu wanavyofikiri. Mu masomo ya sekondari, alama za ekzame zinalingana na za periode mbili pamoja. Tukamate kosi yenye kuhesabiwa kwa 20 kila periode: ekzame yake ni 40, na semestre yote ni 80. Mtoto aliyepata 14 na 13 iko na 27. Akipata 22 ku ekzame anafika 49 juu ya 80, maana yake asilimia 61. Akikosa ekzame anabaki na 27 tu, asilimia 34. Mtoto ni yule yule, na akili ni ile ile.

Kwanza mzazi ajue ni ekzame gani. Ile yenye kutungwa na mwalimu wa masomo, prefe (ao direkteri, kama ni masomo ya musingi) anaweza kuruhusu mtoto aifanye siku ingine. Lakini ENAFEP na Ekzame ya Leta, tarehe yake inatoka Kinshasa, ni moja kwa inchi yote. Hapo prefe hana nguvu, hata akiwa na huruma namna gani. Familia itafute mtu wa kubaki na mtoto, aende kilio kisha ekzame.

Tena, usiombe «kusogeza ekzame». Prefe akisoma vile, anaona darasa lote likingojea mtoto mumoja, na jibu ni hapana. Omba mtoto wako apimwe peke yake siku ingine, na utaje siku yenyewe. Mwalimu atapaswa kutunga maulizo mapya, maana yale ya kwanza wenzake wameisha kuyaona. Kwa hiyo umuachie siku mbili ao tatu.

Kwa familia ile ya Kikula tuliyoanza nayo, barua inaweza kuwa hivi:

«Bwana Prefe,

Mimi ni mama wa ..., mwanafunzi wa darasa la tatu ya pedagojia. Kwa masikitiko ninakujulisha kama baba yangu mzazi alikufa Kolwezi Alhamisi usiku. Maziko ni Siku ya Mungu, na tutarudi Likasi Jumanne mangaribi.

Mtoto atakosa ekzame mbili: matematiki ya Jumatatu na jeografia ya Jumanne. Ninakuomba kwa heshima umuruhusu kuzifanya Alhamisi na Ijumaa, kisha wenzake kumaliza zao. Zile za Jumatano na kuendelea, atazifanya pamoja nao.

Ninaweka hapa kopi ya tangazo la kifo. Namba yangu ya telefone ni ...

Asante kwa kunielewa.»

Tarehe, jina kamili na sinyatire, ni vile. Kama mukubwa wa masomo ni mtawa, andika Masela. Masomo mengi yamezoea kupokea barua kwa Kifaransa. Mzazi asiyekiandika anaweza kusaidiwa na kijana wa nyumba, ila mpangilio unabaki huu huu. Mambo ya deni la masomo usiyachanganye humu, hata kama yanakuumiza. Barua yenye maombi mawili inajibiwa lile moja lenye kumupendeza prefe.

Karatasi ya kifo ya hospitali mara nyingi inabaki mikononi mwa wenye kushugulikia maziko, na mu siku za kwanza haipatikani mbio. Kopi ya tangazo lililopelekwa ku radio, yenye jina la marehemu na siku ya maziko, inaweza kusaidia wakati unangojea. Ile ya hospitali utaileta ukirudi.

Barua iende Ijumaa asubui, mbele ya safari. Kolwezi iko karibu kilomita 180, na ukiisha kufika ku kilio hautapata tena nafasi. Chapisha kopi mbili. Moja inabaki kwa sekreteri, ya pili anaipiga kashe na kuandika tarehe aliyoipokea, unarudi nayo nyumbani. Bila ile kashe, siku ya kugawa biletini itakuwa neno lako na neno la titulere. Muulize pia sekreteri kama direkteri wa etide ameiona, kwa sababu ni yeye mwenye kupanga orere, na prefe anaweza kusema ndiyo Ijumaa, lakini mwalimu wa jeografia asijue kitu mpaka Alhamisi.

Prefe akikataa, uliza kama mtoto anaweza kufanya ekzame hizo mbele ya safari, Ijumaa ile ile. Kama hiyo pia haiwezekani, inabaki repeshaje mwisho wa mwaka, kama masomo yatamukubalia.