Munira na Karega

Munira na Karega ni wahusika wa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood (1977). Munira alimsomesha Karega huko Manguo. Kijana anafukuzwa shule ya Siriana kwa mgomo, kama mwalimu wake alivyofukuzwa zamani, kisha anamfuata mwalimu huyo katika kijiji cha Ilmorog na kupata kazi ya ualimu.

Karega anatafuta mwongozo, lakini Munira, aliyezoea kuyatazama maisha akiwa pembeni, hana wa kumpa.

Usiku mmoja wanapokunywa kinywaji cha theng'eta, Munira anagundua kwamba Mukami, dada yake aliyejiua, alikuwa mpenzi wa Karega. Karega anapopendana na Wanja, ambaye Munira anamtamani, mwalimu anapanga njama ili kijana afutwe kazi, na anafutwa. Karega anaporudi Ilmorog, ni kiongozi wa wafanyakazi. Munira naye ameshika dini.