Watoto 100 kwenye chati: jinsi ya kusoma takwimu za udumavu

Huenda umeona video fupi ya udumavu nchini Tanzania. Nukta 100 zinajitokeza, kila moja ikiwakilisha mtoto mmoja wa chini ya miaka mitano. Msimulizi anasema "mwaka 2010" na nukta 42 zinageuka nyekundu. Akifika 2015-16 zinabaki 34, na mwaka 2022 zinabaki 30. Takwimu hizi zinatoka kwenye tafiti za kitaifa za afya.

Nukta nyekundu ni nani?

Ni mtoto aliye mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake. Wapimaji huenda nyumbani na ubao wa kupimia. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelazwa, mkubwa zaidi akiwa amesimama. Kwa mfano, mtoto wa kike wa miezi 12 kwa kawaida huwa na urefu wa karibu sm 74. Akiwa chini ya sm 68.9, anahesabiwa kuwa amedumaa.

Nukta ikirudi kuwa nyeupe, je, mtoto amepona?

Hapana. Hapa ndipo video huwachanganya wengi. Watoto waliopimwa mwaka 2010 si wale waliopimwa 2022, kwa hiyo nukta iliyobadilika rangi haimaanishi mtoto aliyerefuka. Maana yake ni kwamba katika kizazi kilichofuata, wachache zaidi walidumaa. Mtoto akishadumaa hadi kupita miaka miwili, ni vigumu kurudisha urefu wote aliopoteza. Ndiyo maana usisubiri "atakua tu".

Angalia nguzo zinaanzia wapi

Chati nyingine hutumia nguzo zinazoshuka. Kama mstari wa chini umeanzia 28 badala ya sifuri, nguzo ya 42 itaonekana ndefu mara saba kuliko ile ya 30. Ukweli ni kwamba udumavu umepungua kwa chini ya theluthi moja. Soma namba, usiamini urefu wa nguzo peke yake.

Wastani huficha mikoa

Mwaka huohuo wa 2022, mkoani Iringa nukta nyekundu zingekuwa 57 kati ya 100, na Njombe 50. Mikoa hii inalima chakula kwa wingi. Ghala lililojaa mahindi halitoshi: mtoto akishatimiza miezi sita anahitaji pia maharage, mayai, dagaa, mboga na matunda, huku akiendelea kunyonya.

Na mtoto wako?

Chati haiwezi kukujibu. Uzito peke yake pia hautoshi, kwa sababu mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mnene. Ukienda kliniki, omba apimwe urefu, kisha muulize muuguzi: "Urefu huu unatosha kwa umri wake?" Rudia kupima, ili uone kama anaendelea kurefuka inavyotakiwa.